Picha imeguswa na akili mnemba: tuandike nini chini yake, na mtazamaji anaona nini hasa?

LenziPana

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba tusaidiane jambo moja la picha.

Mimi ndiye ninayeandaa picha za jarida na tovuti ya chama chetu. Mpigapicha wetu alipiga mkutano mkuu, akaleta picha nzuri ya viongozi wakiwa mezani wanatia saini makubaliano. Picha ina pikseli 4000 kwa 3000, yaani uwiano wa 4:3, lakini nafasi ya juu ya tovuti inataka 16:9. Sikutaka kuikata, kwa hiyo nikairefusha upande wa kushoto kwa zana ya akili mnemba, ile ya kuchagua eneo tupu halafu programu inalijaza yenyewe. Ukaongezeka ukuta, pazia na ncha ya meza. Kwa zana hiyohiyo nikamwondoa mtu mmoja aliyekuwa akipita nyuma ya viongozi, kwa kuwa alikuwa anavuta macho.

Nilipoiweka kwenye mtandao wa kijamii ikabandikwa lebo ya akili mnemba. Haikupita muda watu wakaanza kuandika kwamba mkutano haukufanyika na picha yote imetungwa na kompyuta. Wakati huohuo picha hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp haina lebo yoyote, na hakuna aliyeuliza chochote.

Nina maswali mawili. Niandike nini chini ya picha ili msomaji ajue kilichofanyika bila kudhani kila kitu ni cha kubuni? Na hizi hati za maudhui, zile zinazoitwa Content Credentials zenye alama ya "cr", zinamwonyesha nini mtazamaji? Nilitegemea zingenitetea.

---

SeleMbunifu

Mkuu, hilo ni jepesi. Lebo inatokana na metadata iliyomo ndani ya faili. Fungua faili jipya tupu, bandika picha yako humo, hifadhi kama JPEG mpya. Lebo haitatokea tena. Wateja wangu wote nawafanyia hivyo na hakuna anayelalamika.

---

KalamuYaRisasi

Sele, kiufundi uko sahihi kwa sehemu, lakini unamjibu swali ambalo hakuuliza. Kauliza namna ya kusema, wewe unamfundisha namna ya kunyamaza. Watu wakigundua baadaye kwamba picha iliguswa na alama zikafutwa, hapo hata mkutano wenyewe utakuwa mgumu kuutetea.

LenziPana, nina swali kabla ya yote. Huyo mtu uliyemwondoa alikuwa nani?

---

LenziPana

Ni mmoja wa wajumbe. Hakuwa sehemu ya utiaji saini, alikuwa anapita tu kuelekea kiti chake.

---

StudioMawio

Nimefurahi kuona mada hii. Mimi picha zangu za harusi zinaibwa kila siku. Mtu anakata nembo yangu pembeni anaziweka kwenye ukurasa wake kama kazi yake. Je, hii alama ya "cr" inazuia mtu asipakue? Na inawekwa pembeni au katikati ya picha?

---

MzeeWaSaini

StudioMawio, hapana, haizuii kupakua wala kukata. Si nembo inayochorwa juu ya picha. Unaweza kuandikisha jina lako ndani yake, na hilo litakusaidia siku ya kubishana nani alianza, lakini mwizi atapakua kama kawaida. Fungua uzi wa hakimiliki, nitakuja kuchangia huko.

Sasa LenziPana. Kabla sijajibu, nisaidie jambo moja. Unayo matoleo mangapi ya picha hiyo? Nahisi una faili lililotoka kwenye programu ya kuhariri, lingine lililopunguzwa uzito kwa ajili ya mtandao, na lile la WhatsApp. Yapime yote matatu. Kuna zana ya bure ya mstari wa amri inaitwa c2patool:

```
c2patool picha.jpg
```

Kama hutaki amri, nenda contentcredentials.org/verify, uburute faili pale. Halafu kwa kila faili endesha na hii:

```
exiftool -XMP-iptcExt:DigitalSourceType picha.jpg
```

Lete majibu hapa. Usilete picha yenyewe, majibu yanatosha.

---

LenziPana

Nimefanya, mzee. Kweli yako matatu.

Faili la kwanza, lililotoka moja kwa moja kwenye programu, limetoa maandishi marefu. Ndani yake kuna sehemu kama hii, na imejirudia mara mbili:

```
"action": "c2pa.edited",
"digitalSourceType": "http://cv.iptc.org/newscodes/digitalsourcetype/compositeWithTrainedAlgorithmicMedia"
```

Faili la pili nililipunguza uzito kwa programu nyingine, na ndilo nililopakia kwenye ukurasa. c2patool inasema `No claim found`. Lakini exiftool imetoa maneno yaleyale ya compositeWithTrainedAlgorithmicMedia.

Faili la tatu, la WhatsApp, halina kitu. Amri zote mbili zimerudi mikono mitupu.

Kilichonishangaza ni hilo la pili. Kama hati hazimo, lebo ilitoka wapi?

---

MzeeWaSaini

Umeuliza penyewe. Watu wengi wanachanganya vitu viwili vinavyokaa pamoja ndani ya faili moja.

Cha kwanza ni maandishi ya kawaida ya metadata. Shirika la viwango vya habari la IPTC lina orodha ya maneno yanayoeleza picha ilipatikanaje. digitalCapture ni picha iliyonaswa na kamera. trainedAlgorithmicMedia ni picha iliyozalishwa yote na akili mnemba. Hilo lako, compositeWithTrainedAlgorithmicMedia, lina maana kwamba ni mchanganyiko: kuna sehemu ya kamera na kuna sehemu iliyozalishwa. Ni neno sahihi kabisa kwa kazi uliyofanya. Tatizo la maandishi haya ni kwamba yeyote mwenye exiftool anaweza kuyaandika, kuyabadilisha au kuyafuta, na hakuna atakayejua.

Cha pili ndiyo hati yenyewe, inayofuata kiwango cha C2PA. Huo ni muungano ulioanzishwa mwaka 2021 na kampuni kadhaa, zikiwemo Adobe, Microsoft na BBC. Humo kuna orodha ya vitendo vilivyofanyika, maelezo ya picha mama, na hesabu ya faili ya aina ya SHA-256, na vyote vinatiwa saini ya kidijitali kwa cheti. Ni kama bahasha iliyopigwa lakiri: unaweza kuichana au kuitupa, lakini huwezi kubadilisha barua ya ndani ukairudishia lakiri ileile.

Programu yako ya kupunguza uzito haijui C2PA, kwa hiyo iliitupa hati, ila ikabakiza maandishi ya IPTC. Baadhi ya mitandao ya kijamii inasoma vyote viwili. Ikakuta yale maandishi, ikabandika lebo. Maana yake mtazamaji wako aliona onyo, na ule ushahidi wa kulieleza onyo hakuwa nao. Ndiyo maana wakadhani picha nzima ni ya kubuni.

---

LenziPana

Hapo nimekuelewa vizuri sana. Sasa ningepakia lile faili la kwanza, mtazamaji angeona nini?

---

MzeeWaSaini

Inategemea anaangalia wapi. Kwenye mtandao unaoonyesha alama ya "cr", akiigusa anaona muhtasari mfupi: nani katoa hati, lini, na kwamba zana ya akili mnemba ilitumika. Akilichukua faili akalipeleka kwenye ukurasa wa Verify anaona zaidi: orodha ya vitendo, na picha mama iliyotangulia, mara nyingi pamoja na kijipicha chake kidogo, kwa hiyo anaweza kulinganisha kabla na baada.

Lakini kuna mambo matatu ambayo hataona, na wengi hudhani yamo.

La kwanza, hataona ni sehemu gani ya picha iliyoguswa. Kiwango kina nafasi ya kutaja eneo, ila faili nilizofungua mimi nafasi hiyo huwa tupu. Vitendo vyako viwili vinasomeka sawasawa: kurefusha ukuta na kumwondoa mtu vyote vimeandikwa "edited".

La pili, aliyetia saini siyo wewe. Cheti ni cha kampuni ya programu. Saini inasema "programu yetu ndiyo iliyofanya vitendo hivi na kutoa faili hili." Jina lako litakuwemo ikiwa tu uliliweka, na uzito wake unategemea kama kuna aliyelithibitisha.

La tatu, hataambiwa kama mkutano ulifanyika. Hati inaeleza safari ya faili, haielezi ukweli wa tukio.

---

BintShaaban

Mzee, hapo mwisho sikubaliani. Nilivyosoma mimi, kama picha imetiwa saini na kamera yenyewe tangu inapopigwa, basi hiyo ni ya kweli, imekwisha. Leica walianza na M11-P mwaka 2023, na sasa kuna kamera nyingine na simu. Hiyo ndiyo faida ya mfumo wote. Picha yenye saini ya kamera ni halisi, isiyo na saini ni ya kutilia shaka.

---

MzeeWaSaini

BintShaaban, nusu ya kwanza uko karibu na ukweli. Hati inayoanzia kwenye kamera ina nguvu kuliko inayoanzia kwenye programu, kwa kuwa mnyororo unaanza pale mwanga ulipoingia. Lakini kamera itatia saini chochote kilicho mbele ya lenzi. Ukipiga picha ya skrini inayoonyesha kitu cha kubuni, saini itakuwa sahihi kabisa.

Na kamera nazo huwa na mianya. Mwaka 2025 mtumiaji mmoja wa Nikon Z6III alionyesha kwamba kwa kutumia hali ya kupiga picha juu ya picha aliweza kuipa hati taswira ambayo kamera hiyo haikuipiga. Nikon ikasimamisha huduma hiyo na kubatilisha vyeti ilivyokuwa imetoa. Mimi nalihesabu tukio hilo kama mfumo kufanya kazi, maana cheti kilibatilishwa hadharani. Ila linaonyesha mpaka wake.

Nusu ya pili siikubali kabisa. Picha nyingi mno duniani hazina hati, zikiwemo za kamera za zamani na za simu nyingi, na hata zenye hati huvuliwa njiani kama ilivyotokea kwa faili la WhatsApp la mwenzetu. Kukosa hati hakusemi lolote, si zuri wala baya. Kilicho tofauti ni hati kuwepo huku imevunjika, yaani hesabu haikubaliani na faili. Hapo kuna kitu kilibadilishwa baada ya saini, na mtu ana haki ya kuuliza.

---

BintShaaban

Sawa, la skrini nimelipata, sikuwa nimelifikiria. Lakini nabaki na msimamo kwamba chombo cha habari chenye kamera za namna hiyo kikitoa picha isiyo na hati, nitauliza kwa nini.

---

MzeeWaSaini

Hilo ni swali halali kabisa. Chombo ambacho kwa kawaida hutoa hati, siku kikikosa, kina la kueleza.

---

BiRukia

Naomba kuingilia, maana yangu ni tofauti kidogo. Mimi napiga ndege kwa simu. Sihariri kitu, sijui hata hizo programu. Juzi nimepiga ndege yuko mbali, nikavuta sana kwa zumu ya simu, nikaiweka kwenye kundi la wapenda ndege la mtandaoni. Ikatokea lebo ya akili mnemba! Wakaniambia nimemtengeneza ndege. Nimepiga kwa mkono wangu. Sasa na mimi natakiwa kuandika kwamba nimehariri?

---

MzeeWaSaini

BiRukia, hukuhariri wewe, ila simu huenda ilifanya. Baadhi ya simu mpya, ukivuta kupita uwezo wa lenzi, zinatumia modeli inayozalisha ili kujaza undani ambao lenzi haikuupata. Pixel 10 Pro ya mwaka 2025 inafanya hivyo kwenye zumu ya mbali kabisa, na simu za familia hiyo zinaweka hati za C2PA kwenye picha za kamera yake, ikiwemo kusema akili mnemba ilitumika wapi. Sijui simu yako ni ipi, lakini lebo yako inaelekea kuwa ya haki.

Kwa mtu anayetambua ndege kwa mistari ya manyoya hili ni zito. Mistari uliyoiona kwenye picha inaweza kuwa ni ya modeli na siyo ya ndege. Andika tu: "Imepigwa kwa zumu ya mbali ya simu, inayoongeza undani kwa akili mnemba." Ukiwa na nafasi, weka na toleo lisilovutwa. Simu nyingine huhifadhi yote mawili.

---

BiRukia

Lo. Basi kumbe yule ndege tuliyebishana juu ya shingo yake... Nitaangalia kama toleo lisilovutwa lipo. Ahsante sana, mwanangu, au baba, sijui nikuiteje.

---

SeleMbunifu

Narudi. Nimesoma, na naelewa habari ya kuficha, Kalamu. Lakini tuwe wakweli kuhusu upande wa pili. Mimi nikifuta kidoa cha vumbi kwa brashi ya zamani ya kuziba, hakuna lebo. Nikifuta kidoa hichohicho kwa zana mpya inayozalisha, napata lebo sawa na mtu aliyetengeneza picha nzima. Mteja anaona lebo, anadhani nimemdanganya. Ndiyo maana nafuta. Lebo inaadhibu zana, haiangalii kilichofanyika.

---

KalamuYaRisasi

Hapo una hoja, na si wewe peke yako. Mwaka 2024 Meta walianza kuweka lebo ya "Made with AI", na wapigapicha wakalalamika hivyohivyo, kwamba picha halisi iliyoondolewa kidoa inaitwa imetengenezwa. Mwezi Julai mwaka huohuo wakaibadilisha ikawa "AI info". Septemba wakatangaza kwamba kwa picha zilizohaririwa tu, lebo itahamia ndani ya menyu, isikae wazi juu.

Mimi hilo la mwisho linanisumbua. Mtu aliyemfuta binadamu kwenye picha amehariri tu, kwa hiyo naye lebo yake inaingia menyu. Kidoa na binadamu vimewekwa kapu moja, safari hii kwa upande wa kufichwa.

---

MzeeWaSaini

Na hati haiwezi kuwatenganishia, maana kama nilivyosema, zote zinasomeka "edited" pamoja na neno lile la mchanganyiko. Ndiyo maana sentensi ya binadamu chini ya picha inahitajika hata pale hati ipo. Hati inathibitisha kwamba zana ilitumika. Sentensi inasema ilitumika kwa nini na wapi.

LenziPana, turudi kwako. Umerefusha kiasi gani?

---

LenziPana

Ilikuwa 4000 kwa 3000. Baada ya kurefusha ni 5333 kwa 3000.

---

MzeeWaSaini

Basi pikseli 1333 za upana ni mpya. Gawanya kwa 5333: ni robo kamili ya picha. Kila anayeitazama, robo ya anachokiona haikupigwa na kamera. Maneno kama "picha imeboreshwa" au "imehaririwa kidogo" hayabebi jambo hilo. Nami ningeyaepuka hata kama robo hiyo ni ukuta mtupu, kwa sababu msomaji hajui kwamba ni ukuta mtupu mpaka umwambie.

Njia niitumiayo ni kutaja vitu vitatu kwa maneno ya kawaida: sehemu gani, ilifanywa nini, na kipi hakikuguswa. Hicho cha tatu ndicho watu husahau, na ndicho kingekuokoa na wale waliosema mkutano haukufanyika. Jaribu kuandika, tuione.

---

LenziPana

Nimejaribu hivi:

"Viongozi wakitia saini makubaliano kwenye mkutano mkuu. Robo ya kushoto ya picha (ukuta, pazia na ncha ya meza) imeongezwa kwa akili mnemba ili kutoshea ukurasa. Mtu aliyekuwa akipita nyuma ameondolewa kwa zana hiyohiyo. Viongozi na nyaraka zilizo mezani ni kama zilivyopigwa na kamera."

---

KalamuYaRisasi

Maelezo ni mazuri, yananyooka. Lakini sentensi ya tatu ndiyo niliyokuwa naisubiri tangu nilipouliza alikuwa nani. Isome tena kama mjumbe yule. Alihudhuria mkutano mkuu, na kumbukumbu ya picha ya chama chake inasema hakuwepo, halafu inakiri kwamba yenyewe ndiyo iliyomfuta.

Ukuta ulioongezwa haumwondolei mtu haki. Picha ya mkutano ni kumbukumbu ya nani alikuwa chumbani. Kusema wazi kunaondoa udanganyifu, hakurudishi aliyeondolewa. Ushauri wangu: mrudishe. Kurefusha, baki nako ukitaka, kwa maelezo hayo.

---

SeleMbunifu

Kwa bango la juu la tovuti? Hapana, Kalamu, hapo unazidisha. Bango ni mapambo. Jarida na kumbukumbu ndiyo zibebe picha halisi.

---

KalamuYaRisasi

Tatizo ni kwamba bango halibaki bango. Mtu atalipakua kesho na kuliweka kwenye taarifa.

---

MzeeWaSaini

Kuna jambo lingine la huyo mjumbe ambalo si la maadili, ni la kiufundi, na ni bora ulijue kabla hujapakia faili la kwanza popote. Nilisema hati hubeba kijipicha cha picha mama. Picha mama yako ni ile ambayo mjumbe bado yumo. Endesha hii:

```
c2patool picha.jpg --output ripoti
```

Fungua folda iitwayo ripoti, angalia picha ndogo zilizomo.

---

LenziPana

Nimeona. Yumo. Ni kidogo lakini anatambulika kabisa.

---

MzeeWaSaini

Kwako hilo halina madhara, na tena linakufanya uonekane mkweli. Lakini fikirieni aliyefunika uso wa mtoto, au wa shahidi, akatoa faili lenye hati bila kuangalia. Uso uliofunikwa juu uko wazi ndani ya kijipicha. Kiwango kinaruhusu kuondoa baadhi ya vipande kwa utaratibu wake, na programu nyingine zinakupa kuchagua kama vijipicha viingie au la. Kagua kila mara pale ulipoficha mtu kwa ajili ya usalama wake. Kwa picha kama hizo mimi hufunika uso kwanza, natoa faili jipya lisilo na historia, ndipo naanza kutengeneza hati kutoka hapo, na kwenye maelezo naandika kwamba sura imefunikwa kwa makusudi.

---

SeleMbunifu

Kumbe ile njia yangu ya faili jipya ina matumizi yake halali.

---

KalamuYaRisasi

Ina matumizi, ukisema umefanya hivyo.

---

LenziPana

Nimeamua kumrudisha mjumbe. Lakini nimekwama kwingine: nawezaje kufikisha hati mpaka kwa mtazamaji bila kuivunja? Nilijaribu kuandika yale maelezo ndani ya faili kwa exiftool, nikapima tena, sasa c2patool inalalamika `assertion.dataHash.mismatch`.

---

MzeeWaSaini

Umegusa faili baada ya saini. Hesabu ya SHA-256 inafunika faili zima isipokuwa pale hati yenyewe ilipokaa, kwa hiyo hata ukiongeza neno moja kwenye metadata, hesabu inakataa. Mtazamaji atakayeipima hataona kwamba umeongeza maelezo ya ukweli, ataona tu kwamba hati ni batili. Umefanya jambo jema, faili linaonekana la mashaka.

Fuata mpangilio huu. Rudi kwenye faili la kazi. Andika maelezo ndani ya programu ya kuhariri kabla ya kutoa. Punguza ukubwa na uzito humohumo, usitumie programu ya pili. Kisha toa faili mara moja, likiwa na hati, na usiliguse tena. Likishapanda kwenye tovuti yenu, lipakue kutoka pale kama msomaji na ulipime. Mifumo mingi ya tovuti hutengeneza nakala ndogo za kila picha yenyewe, na nakala hizo zinapoteza hati bila mtu kuambiwa. Ikitokea hivyo, weka kiungo chini ya picha kinachokwenda kwenye faili zima lenye hati.

Kwa WhatsApp hutashinda. Programu nyingine zinahifadhi nakala ya hati mtandaoni na kuweka alama isiyoonekana ndani ya pikseli, na ukurasa wa Verify unaweza kutafuta picha zinazofanana hata faili likivuliwa. Lakini inabidi mtu aamue kwenda kutafuta. Aliye kwenye kundi hataenda.

---

KalamuYaRisasi

Ndiyo maana kwa zile zinazosambazwa kwenye makundi mimi naandika ndani ya picha yenyewe, ukingo wa chini, herufi zinazosomeka kwenye simu: "Robo ya kushoto imeongezwa kwa akili mnemba." Maelezo ya chini hutengana na picha inaposambazwa mara ya pili. Maandishi ya ndani yanasafiri nayo.

---

SeleMbunifu

Yanakatwa kwa sekunde mbili.

---

KalamuYaRisasi

Yanakatwa na anayetaka kudanganya. Wengi hawakati, wanasambaza tu kama walivyopokea.

---

BintShaaban

Mimi nina swali lililobaki, Mzee. Kwa mfano wa Sele, kidoa cha vumbi kwa zana inayozalisha. Hapo pia niandike sentensi?

---

MzeeWaSaini

Hapo sina jibu la kukupa kwa uhakika. Kipimo changu mwenyewe ni kama kilichoondolewa kilikuwa mbele ya kamera au juu ya kioo chake. Vumbi la kwenye kihisi halikuwa chumbani, silitaji. Chunusi usoni ilikuwa chumbani, kwa hiyo kwenye picha ya habari siigusi kabisa, na kwenye ya tangazo naitaja. Ila najua wahariri wanaotaja kila kitu kilichozalishwa, hata vumbi, kwa hoja kwamba modeli inaweza kubadilisha zaidi ya ulichochagua. Nao wana sababu. Nimewahi kulinganisha kabla na baada nikakuta kitufe cha shati jirani na kidoa kimebadilika umbo.

---

KalamuYaRisasi

Mimi niko upande wa hao wahariri. Kwa vumbi tumia brashi ya zamani, haibuni kitu, inanakili pikseli zilizo jirani.

---

SeleMbunifu

Na brashi ya zamani nayo inaweza kumfuta mtu mzima ukiwa na subira, bila lebo yoyote. Hilo hakuna aliyelijibu bado.

---

LenziPana

Sele, kweli, na nadhani litabaki hapo mpaka wengine waje. Nawapa mrejesho wa kwangu. Jarida linatumia picha ya kamera iliyokatwa tu: 4000 kwa 2250, nimepoteza robo ya urefu, hasa dari na sakafu, lakini hakuna pikseli ya kubuni. Bango la tovuti ni lile lililorefushwa, mjumbe amerudi, maelezo yapo chini yake bila ile sentensi ya kumwondoa, na nimelitoa upya kwa mpangilio wa Mzee. Nimelipakua kutoka kwenye tovuti nikalipima. Nakala ndogo inayoonyeshwa kwenye simu imepoteza hati, faili kubwa linayo na inasomeka sawa. Kiungo nimekiweka.

Kwenye ule ukurasa wa mtandao wa kijamii sikufuta posti ya kwanza. Nimeweka jibu juu kabisa ya maoni, lenye picha ya kamera bila kuguswa na maelezo ya kilichofanyika, nikataja na mjumbe aliyekuwa ameondolewa. Mmoja kati ya waliokuwa wanapinga amerudi kuuliza kuhusu makubaliano yenyewe. Wengine hawajajibu.